Laivu ya dakika 90: ratiba, gumzo na klipu kama kazi moja

Mtu anayeanza kurusha laivu huyakuta mambo matatu kwa nyakati tatu. Ratiba huiwaza wiki moja kabla. Gumzo linamfika akiwa tayari hewani, mikono imeshika kazi. Klipu anazikumbuka kesho yake, amekaa mbele ya video ya saa moja na nusu asijue pa kuikata. Shida nyingi za laivu za mwanzo zinatokana na huku kuyatenganisha, kwa sababu klipu nzuri huandaliwa kabla ya kamera kuwashwa, na gumzo hutulia au huchafuka kutegemea ratiba ilivyopangwa.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Fundi cherehani wa Tanga anataka kufundisha kila Jumamosi usiku kupitia YouTube. Somo lake la kwanza ni kuweka zipu ya kujificha kwenye gauni. Ana kompyuta mpakato, kamera moja inayotazama meza na cherehani, kipaza sauti cha kubana kwenye nguo, na programu ya bure ya OBS Studio.

## Kabla ya kutangaza siku

Jambo la kwanza ni dogo lakini limeharibu laivu nyingi za kwanza. Chaneli ambayo haijawahi kurusha laivu lazima ithibitishwe kwa namba ya simu, kisha kibali kinaweza kuchukua hadi saa 24 kufunguka. Anayebonyeza kitufe kwa mara ya kwanza saa yenyewe ya kipindi hatarusha chochote usiku huo. Vilevile, kurusha kwa simu moja kwa moja kupitia YouTube kunahitaji wafuatiliaji wasiopungua 50, ndiyo maana fundi wetu anaanza na kompyuta. Aombe kibali angalau siku tatu kabla, kisha arushe jaribio la dakika kumi lililowekwa `Private`.

Jaribio hilo lifanywe saa ileile ya kipindi. Mtandao wa simu unaokwenda vizuri saa nne asubuhi unaweza kulemewa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kinachopimwa ni kasi ya kupakia, si ya kupakua, na watu wengi husoma namba isiyo yake. Picha ya 1280x720 yenye fremu 30 kwa sekunde, kwa kazi ya mikono isiyo na mwendo mkali, inatosheka na 2500 kbps za video na 128 za sauti. Kasi ya kupakia iwe karibu mara mbili ya hapo, yaani Mbps 5, ili mtandao ukiyumba kidogo picha isikatike. Kwa upande wa bando, kiwango hicho hula takriban GB 1.2 kwa saa, kwa hiyo dakika 90 ni karibu GB 1.8. Bando la GB 2 halina nafasi ya kosa hata moja.

Picha ikikwama, OBS yenyewe inasema kosa liko wapi. Fungua dirisha la `Stats`. Namba ikipanda kwenye `Dropped Frames (Network)`, mtandao ndio unashindwa, na dawa ni kushusha kiwango hadi 1800 au 1500. Ikipanda kwenye `Skipped frames due to encoding lag`, mtandao hauna kosa, kompyuta ndiyo imezidiwa. Hapo kubadilisha laini ya simu hakusaidii kitu. Funga kivinjari chenye kurasa ishirini, au chagua kwenye OBS njia ya kubana picha inayotumia kifaa cha michoro badala ya prosesa.

## Saa mbili ya nani?

Ratiba ya laivu ya Kiswahili ina mtego wake. Sisi husema saa mbili usiku, lakini YouTube inataka uchague 8:00 PM. Mtu akiandika 2:00 PM kwa mazoea, kipindi kinatangazwa cha saa nane mchana, na akiandika 2:00 AM kinakwenda saa nane usiku. Watazamaji waliobonyeza kengele wanaarifiwa muda ambao hakuna mtu mezani. Ukimaliza kupanga, fungua ukurasa wa kipindi kwenye simu nyingine na usome muda unaoonekana pale.

Kwenye tangazo andika namna zote mbili: "Jumamosi, saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki." Ukurasa wa YouTube humgeuzia kila mtazamaji muda wa mahali alipo, lakini bango lako la WhatsApp haligeuzi. Saa mbili usiku ya Tanga ni saa moja usiku kwa aliye Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, na ni saa tatu usiku kwa aliye Maskati. London inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huko saa husogezwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kipindi hichohicho kitakuwa saa kumi na moja jioni wakati wa baridi na saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi. Ukiwa na watazamaji huko, watangazie wiki hizo mbili za mabadiliko, maana wao ndio watakaodhani umeahirisha.

Siku nayo ichaguliwe kwa jicho la mtaani. Usiku wa mechi ya Simba na Yanga haufai. Mwezi wa Ramadhani saa mbili usiku wengi wako kwenye tarawehe, kwa hiyo Tanga nzima na pwani yote ni afadhali kusogeza hadi saa nne. Ukishapata siku inayofaa, ishike kwa wiki nane kabla ya kuihukumu. Wiki tatu hazitoshi kujua kama watu wamezoea saa au wamepita tu.

Umeme nao huingia kwenye ratiba. Kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake, lakini ruta huzima mara moja. Betri ndogo ya akiba ya ruta, au simu yenye bando iliyokwisha kuunganishwa tayari na kompyuta, hukuokoa. Ukikatika na ukarudi ndani ya muda mfupi, anzisha tena kutoka OBS kwa ufunguo uleule wa `Stream key`. Kama zima la kiotomatiki, `Enable Auto-stop`, halikuwashwa, kipindi kitaendelea palepale badala ya kuhesabiwa kimekwisha. Zima kitufe hicho mapema.

## Karatasi iliyobandikwa ukutani

Sasa tupange dakika 90 zenyewe. Fundi anagawa somo katika hatua nne: kuandaa kitambaa na kupiga pasi meno ya zipu, kushona upande wa kwanza, kushona upande wa pili, na kufunga mshono wa chini ya zipu. Kila hatua anaipa dakika kumi na tano, ikifuatiwa na dakika tano za kusoma gumzo. Hizo ni dakika 80. Zinabaki tano za kufungua na tano za kufunga. Anaandika hayo kwa kalamu nene na kubandika ukutani nyuma ya kamera, mahali macho yanapofika bila kugeuza kichwa.

Dakika tano za kufungua zisipotee kwa "tusubiri wenzetu waingie". Atakayetazama marudio kesho hana wenzake wa kusubiri, ataondoka. Anza na gauni lililokwisha kushonwa, lionyeshe zipu isiyoonekana, vuta juu na chini mbele ya kamera, kisha taja hatua nne. Wanaochelewa watakuta hatua ya kwanza ndiyo inaanza.

Mapumziko ya gumzo yana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Fundi anayejibu kila swali linapotokea hukatiza mshono, husahau alipofikia, na hafikii upande wa pili. Tena watazamaji hujifunza haraka kwamba anayeandika sana ndiye anayejibiwa, ndipo gumzo linaanza kujaa alama za kuuliza na maswali yaliyorudiwa mara tano. Ukisema mwanzoni kabisa, "Maswali nitayasoma kila nikimaliza hatua," na ukatimiza ahadi hiyo mara ya kwanza, watu wanatulia.

Kumbuka pia ucheleweshaji. Unachosema hakimfikii mtazamaji papo hapo. YouTube ina daraja tatu: ya kawaida, ya `Low latency` ambayo kwa wengi huwa chini ya sekunde 10, na ya `Ultra low-latency` iliyo chini ya sekunde 5. Hiyo ya mwisho inavutia kwa mazungumzo, lakini huacha akiba ndogo sana ya picha, na mtazamaji mwenye mtandao wa kusuasua ataona duara likizunguka kila mara. Kwa watazamaji wengi wanaotumia simu, `Low latency` ndiyo ya kushika. Maana yake ukiuliza "Mmeona?" jibu litachukua sekunde kumi na tano pamoja na muda wa kuandika. Uliza, kisha endelea kuchomeka pini. Ukisimama kimya ukisubiri, kimya hicho kitabaki kwenye marudio milele.

## Mlinzi wa mlango

Mwenye mikono kwenye cherehani hawezi kulinda gumzo. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, umpe nafasi ya `Standard moderator` kwenye YouTube Studio, ukurasa wa `Settings`, sehemu ya `Community`. Huyo ataweza kufuta ujumbe, kumsimamisha mtu kwa muda, na kumficha kabisa. Awe na simu au kompyuta yake, na ni vizuri zaidi akiwa chumba kingine ili sauti ya laivu kutoka simu yake isirudi kwenye kipaza sauti chako.

Mpe ngazi tatu, asibuni sheria katikati ya kipindi. Mtu akichafua kidogo, ujumbe wake ufutwe bila maelezo. Akirudia, atumie `Put user in timeout`. Akitukana mtu, akitafuta wanawake, au akiweka namba ya kutapeli, aingie moja kwa moja kwenye `Hide user on this channel`. Uzuri wa hiyo ya mwisho ni kwamba mtu haambiwi kuwa amefichwa. Anaendelea kuandika, ila hakuna anayemwona, kwa hiyo hakimbilii kufungua akaunti nyingine papo hapo. Na wewe uliye mezani usimtaje. Ukimjibu mtukanaji kwa sauti, umempa kipindi chako na umemweka kwenye marudio.

Vichujio vya kiotomatiki vinasaidia, lakini vielewe mipaka yake kwa lugha yetu. Washa `Block links`, ambayo huzuia viungo vyote kwenye gumzo. Kisha jaza orodha ya `Blocked words`. Hapo ndipo Kiswahili kinapohitaji kazi ya ziada, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba viambishi pande zote mbili. Ukiandika "tuma" usitegemee kwamba "nitumie", "mtume", "itumwe" na "utanitumia" zitanaswa. Andika maumbo yanayotumika kweli, na afadhali uandike vifungu kamili: "itume kwenye namba hii", "nicheki inbox", "njoo WhatsApp". Ongeza tahajia za mtaani zenye x badala ya s. Usiweke neno la kawaida peke yake. Fundi akizuia neno "matako" kwa nia njema, atakuwa amezuia pia mwanafunzi anayeuliza kipimo cha matako, ambacho ni kipimo halali kabisa cha gauni.

Utapeli ulio wa kawaida zaidi hauna matusi wala kiungo. Mtu anafungua akaunti yenye jina na picha kama zako, anaandika kwenye gumzo: "Darasa la ndani lipo, lipia kwa namba hii." Namba ya simu si kiungo, kwa hiyo kizuizi cha viungo kinaipitisha, na ikiandikwa kwa nafasi au kwa herufi o badala ya sifuri, orodha ya maneno nayo itaikosa. Hapa ni macho ya msimamizi tu. Mtazamaji naye asaidiwe kutofautisha: jina la mwenye chaneli huonekana kwenye gumzo likiwa na rangi ya njano, na la msimamizi lina alama ya spana. Bandika ujumbe juu ya gumzo tangu mwanzo: "Hatuuzi chochote kwenye gumzo. Namba yoyote utakayoiona hapa si yetu." Sentensi hiyo imekinga pesa za watu wengi kuliko kichujio chochote.

Watazamaji wakiwa ishirini huna haja ya kupunguza kasi ya gumzo. Wakizidi mia na ujumbe ukapita kabla ya kusomeka, washa `Slow mode` ya sekunde 30. Zaidi ya dakika moja ni adhabu kwa wote, na mwenye swali la kweli anakata tamaa.

Msimamizi ana kazi moja ya mwisho ambayo wengi hawampi: kukusanya maswali. Anaandika maswali matatu bora ya kila hatua kwenye ujumbe mmoja na kukutumia kwenye simu iliyo mezani. Wewe huna haja ya kuvinjari gumzo, unasoma matatu hayo tu.

## Klipu inaanzia kwenye fremu

Klipu ya kwenda `Shorts`, TikTok au Reels husimama wima, 1080x1920. Laivu yako imelala, 1280x720. Ukikata ukanda wa wima katikati ya picha ya 720, unapata upana wa pikseli 405 tu, na ukiuvuta hadi 1080 uzi hauonekani tena kama uzi. Suluhisho ni kurusha 720 lakini kurekodi 1080 kwenye kompyuta. Katika OBS weka `Base (Canvas) Resolution` na `Output (Scaled) Resolution` zote 1920x1080. Nenda `Output`, chagua `Advanced`, na upande wa `Streaming` washa `Rescale Output` uweke 1280x720. Upande wa `Recording` chagua `Video Encoder` yake yenyewe badala ya `(Use stream encoder)`, la sivyo rekodi nayo itatoka 720, kisha uache bila kupunguza. Kurekodi kwa 8000 kbps kutachukua takriban GB 5.4 kwa dakika 90, kwa hiyo angalia nafasi ya diski. Kompyuta ikilemewa na kazi hizo mbili, utaiona kwenye ile `encoding lag`. Basi rekodi 720 na ukubali klipu laini kidogo, ni bora kuliko laivu inayokwama.

Hata kwenye 1080, ukanda wa wima una upana wa pikseli 608 kati ya 1920, chini kidogo ya theluthi moja. Kwa hiyo bandika vipande viwili vya gundi ya karatasi mezani kuonyesha ukanda huo wa katikati, na kila tendo muhimu lifanyike ndani yake. Sindano, mguu wa cherehani na vidole viwe kati ya vipande hivyo. Mkasi na chaki vikae nje.

Namna ya kusema nayo hubadilika. "Kama nilivyoonyesha pale mwanzo" haina maana kwa aliyeona sekunde 50 tu. Kila hatua ianze kwa sentensi inayosimama peke yake: "Meno ya zipu ya kujificha lazima yafunguliwe kwa pasi kabla ya kushona, la sivyo mshono utapanda juu ya meno na zipu haitapita." Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, acha mikono itulie sekunde mbili, hizo ndizo sehemu za mkasi. Na swali la gumzo lisome kwa sauti kabla ya kulijibu, kwa sababu kwenye klipu gumzo halipo, na jibu bila swali halieleweki. Usitaje jina kamili la muulizaji.

Washa `Automatically record when streaming` ili saa ya rekodi na saa ya laivu ziende karibu sawa. Msimamizi akiona jambo zuri anaandika muda wake kwenye daftari: "11:10, pasi kwenye meno." Bila daftari hilo, kuzitafuta klipu tatu ndani ya dakika 90 kutakula asubuhi nzima ya Jumapili.

Jumapili fundi anafungua daftari. Ana alama saba, anachagua tatu. Ya pasi inaanzia 11:10 hadi 11:56. Mwenye kutumia `ffmpeg` anaikata na kuisimamisha kwa amri moja:

```
ffmpeg -ss 00:11:08 -to 00:11:57 -i laivu.mkv \
 -vf "crop=608:1080,scale=1080:1920,setsar=1" \
 -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac zipu.mp4
```

Programu ya kuhariri kwenye simu inafanya kazi ileile, ila faili la `.mkv` ligeuzwe kwanza kuwa `.mp4` kwa `File`, kisha `Remux Recordings` ndani ya OBS. Usirekodi `.mp4` ya kawaida ili kuepuka hatua hiyo: umeme ukikatika kabla faili halijafungwa, rekodi nzima inaweza isifunguke, wakati `.mkv` hubaki na kila kilichokwisha kuandikwa.

Sekunde mbili za kwanza za klipu zionyeshe zipu iliyoharibika, meno yamemezwa na uzi. Ndipo pasi iingie. Weka maandishi ya kila sentensi, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, na yaweke juu ya theluthi ya chini ya picha; huko chini vitufe na maelezo ya programu yatayafunika.

Sikiliza sauti ya nyuma kabla ya kupakia. Redio ya jirani iliyokuwa ikipiga wimbo inaweza kuleta dai la hakimiliki, na kwa `Shorts` iliyozidi dakika moja, dai la namna hiyo huifungia video yote isionekane. Chini ya dakika moja kuna nafasi zaidi, ingawa dirisha lililofungwa Jumamosi usiku lingemaliza jambo hilo. Video nzima nayo usiipunguze ovyo kwa mhariri wa YouTube, maana ukiikata, marudio ya gumzo yanapotea.

Klipu ya kwanza itoke Jumatatu, ya pili Jumatano. Ya tatu itoke Ijumaa ikiwa na kiungo cha `Related video` kinachoelekea kwenye laivu nzima, na maandishi ya mwisho yataje saa mbili usiku, 20:00, kesho. Kwenye daftari la msimamizi limebaki swali lililoulizwa mara nne na halikupata hatua yake: zipu ikikatika mwisho wa chini, inashonwaje bila kubandua gauni lote? Hilo linaandikwa juu kabisa ya karatasi mpya ya ukutani.